Taarifa ya Ulinganishaji wa Rejesta ya Vitabu vya Hundi, Vishina na Hundi Zilizolipwa, Januari hadi Juni 2024

Kwa: Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha
Kutoka kwa: Mkaguzi wa Ndani
Tarehe: 8 Julai 2024

Ndugu Mwenyekiti,

Ulinganishaji ulioagizwa na Kamati umekamilika. Kati ya karatasi 150 za hundi tulizopokea kwa ajili ya akaunti ya uendeshaji, karatasi mbili hazijulikani zilipo, nazo ni namba 000522 na 000548. Karatasi ya tatu, namba 000547, ilitolewa kitabuni pamoja na kishina chake na kulipwa na benki tarehe 24 Mei kwa kiasi cha 186,400, bila hati ya malipo na bila kuandikwa katika daftari la fedha. Viasi vyote katika taarifa hii viko katika sarafu ya akaunti yenyewe.

Kazi ilianzia kwenye rejesta, kwa sababu ndiyo inayosema ni karatasi ngapi tunapaswa kuzitolea hesabu. Rejesta inaonyesha vitabu vitatu vya karatasi 50 kila kimoja: cha kwanza 000451 hadi 000500, cha pili 000501 hadi 000550, na cha tatu 000551 hadi 000600, ambacho kilipokewa tarehe 11 Machi na hakijaanza kutumika. Lakini rejesta inaandikwa na sisi wenyewe, na kitabu ambacho hakikuingizwa humo hakiwezi kuonekana kuwa kimepotea. Kwa hiyo niliiomba benki kwa barua iorodheshe vitabu vyote ilivyotoa kwa akaunti hii tangu kitabu kilichoishia 000450. Jibu lake lilitaja vitabu vitatu hivyo hivyo, kwa namba zile zile.

Baadaye nilihesabu karatasi zenyewe kwa mkono, moja baada ya nyingine, mtunza fedha akiwa ameketi upande wa pili wa meza na kila mmoja wetu akiandika hesabu yake. Sikutosheka na kutazama namba ya juu na ya mwisho. Kitabu cha tatu kilikuwa na karatasi zote 50. Kitabu cha pili kimetumika hadi 000537, hivyo zilipaswa kubaki karatasi 13 tupu, kuanzia 000538 hadi 000550. Tulihesabu 11. Tukarudia, tukapata 11. Kutoka 000546 namba zinarukia 000549, na kwa kuwa vishina vya 000547 na 000548 navyo havipo, mtu anayepekua vishina vilivyoandikwa tu hawezi kukutana na pengo lolote. Nilipokifungua kitabu hadi kwenye mshono niliona ncha mbili nyembamba za karatasi zilizobaki chini ya pini, na kingo zake zimenyooka. Karatasi iliyochanwa kwa mkono huacha ukingo wenye nyuzinyuzi, kwa hiyo hizi naona zilikatwa kwa wembe au kisu. Kitabu hicho kimehifadhiwa kama kilivyo, na ninaomba kisiguswe.

Kwa upande wa benki, taarifa za miezi sita zina mistari 80 ya hundi zilizotolewa kwenye akaunti na mstari mmoja wa hundi iliyorudishwa. Benki hupanga malipo kwa tarehe ya kulipwa, na mpangilio huo hauonyeshi pengo, kwa sababu hundi iliyoandikwa Februari yaweza kulipwa Aprili. Niliinakili mistari yote 80 ya hundi zilizotolewa, bila ule wa kurudishwa, katika jedwali la kompyuta, nikaipanga upya kwa namba ya hundi. Karatasi nyingine ya jedwali nikaijaza namba zote kuanzia 451 hadi 600, ziwe zimetumika au la, na mbele ya kila namba nikaweka hesabu hii:

```
=COUNTIF(Taarifa!B:B,A2)
```

Namba zote ziliandikwa bila sufuri za mbele, kwa sababu benki huziacha na vishina vyetu vinaziweka. Jibu la 1 lina maana kwamba namba hiyo imelipwa mara moja, na 0 kwamba haijaonekana. Kila jibu nililipeleka kwenye kishina chake. Kishina kilichoandikwa kilipaswa kupata 1, au kiwe na maelezo ya kwa nini kimepata 0, na karatasi tupu iliyopo kitabuni ilipaswa kupata 0 bila ubishi.

Mstari mmoja wa taarifa ni wa namba 000446, ambayo ni ya kitabu kilichotangulia. Iliandikwa Desemba na kulipwa Januari, na kiasi chake kinalingana na kishina. Namba 000472 ilipata 2. Hundi hiyo ilirudishwa mara ya kwanza kwa kukosa saini ya pili, ikasainiwa, ikawasilishwa tena na kulipwa, na ndiyo yenye ule mstari wa kurudishwa. Baada ya kuondoa hizo mbili, taarifa inabaki na namba 78 tofauti zilizolipwa kutoka vitabu vyetu vitatu.

Jambo la namba 000514 na 000541 lilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kishina cha 000514 kinaonyesha malipo ya 42,750 yenye hati kamili, lakini namba hiyo haikuonekana kwenye taarifa. Hapo hapo taarifa ilionyesha kuwa 000541 imelipwa 42,750, ilhali karatasi ya 000541 ilikuwa mbele yangu, tupu, ikiwa bado imeshikana na kishina chake. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Hata hivyo sikutaka kulimaliza kwa kudhani, maana hundi bandia yenye namba iliyobuniwa nayo ingeonekana hivyo hivyo. Benki ilitupatia picha ya hundi iliyolipwa, na hundi hiyo ni 000514, yenye jina la mlipwaji na saini zilizo katika hati. Benki imekubali kwamba namba iliingizwa kwa mkono kimakosa, na imeisahihisha.

Kitabu cha kwanza kimekamilika: hundi 46 zimelipwa, tatu zimebatilishwa na karatasi zake zimebanwa kwenye vishina (000463, 000477 na 000490), na moja, 000488 ya tarehe 19 Februari, haijawasilishwa benki. Mlipwaji wake amethibitisha kwa simu kwamba anayo. Itafikisha miezi sita tarehe 19 Agosti, na nimemshauri aipeleke kabla ya siku hiyo.

Kitabu cha pili ndicho chenye hoja zote. Hundi 31 zenye vishina zimelipwa, moja (000509) imebatilishwa ipasavyo na sehemu ya saini imekatwa, nne za mwezi Juni (000531, 000534, 000536 na 000537) hazijawasilishwa, na karatasi 11 ziko tupu. Jumla hiyo ni 47. Tatu zilizobaki ni hizi:

| Namba | Kishina | Karatasi | Taarifa ya benki |
|---|---|---|---|
| 000522 | Kipo, kimeandikwa “imebatilishwa” | Haipo | Haijalipwa |
| 000547 | Hakipo | Ililipwa | 24 Mei, 186,400 |
| 000548 | Hakipo | Haipo | Haijalipwa |

Kuhusu 000522, mtunza fedha ameeleza kwamba alikosea jina la mlipwaji, akaichana karatasi na kuitupa, kisha akaandika 000523. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu 000523 ililipwa siku mbili baadaye kwa mlipwaji aliyetajwa katika hati. Lakini neno lililoandikwa kwenye kishina haliwezi kusimama badala ya karatasi. Kwa kuwa karatasi haipo, nimeihesabu kuwa imepotea, na mtunza fedha ameeleweshwa kwamba kuihesabu hivyo si kumtuhumu.

Namba 000547 ingepaswa kugunduliwa mapema zaidi. Siku ilipolipwa, hundi ya karibuni zaidi tuliyokuwa tumeandika ilikuwa 000529, kwa hiyo ilikuwa mbele kwa namba 18, na mtu aliyepanga malipo ya Mei kwa namba angeiona imesimama peke yake chini kabisa ya orodha. Usuluhisho wa benki wa mwezi huo ulifanywa kwa kulinganisha viasi. Kiasi cha 186,400 kilipokosa mwenzake katika daftari la fedha, kiliwekwa chini ya “malipo yanayofuatiliwa”, na usuluhisho ukasainiwa. Hakuna aliyeulizwa kishina chake kiko wapi. Picha ya hundi inaonyesha saini mbili na jina la mlipwaji asiyekuwemo katika orodha ya wauzaji wetu. Mmoja wa watia saini amekana saini yake kwa maandishi. Mwingine yuko safarini na hajaulizwa. Sina sifa ya kuamua kama saini ni za kughushi, na taarifa hii haiamui.

Tarehe 3 Julai, kwa idhini yako, tuliiandikia benki kuzuia malipo ya 000522 na 000548. Tulizitaja kwa namba peke yake, kwa kuwa kiasi hakijulikani na agizo lenye kiasi kisicho sahihi lingeweza kuiruhusu hundi ipite. Benki imethibitisha kupokea. Ninaomba agizo hilo lihuishwe kila linapokaribia kuisha muda wake. Katika mazungumzo yetu ilisemwa kwamba baada ya miezi sita hatari itakuwa imekwisha. Hivyo ni kweli kwa hundi iliyokwisha kuandikwa tarehe, lakini karatasi tupu haichakai, kwani tarehe ataiandika yule atakayeijaza.

Kuhusu utaratibu, ninaomba Kamati iamue mambo matatu. Kila kitabu kinachopokelewa kihesabiwe karatasi kwa karatasi na watu wawili, nao wasaini rejesta. Kila hundi inayobatilishwa ibanwe kwenye kishina chake ikiwa imekatwa sehemu ya saini, na isipobanwa izuiwe benki siku hiyo hiyo. Na usuluhisho wa kila mwezi uambatane na orodha ya hundi zilizolipwa iliyopangwa kwa namba, pamoja na hesabu ya karatasi tupu zilizobaki, iliyofanywa na mtu asiyetunza vitabu.

Hesabu ya karatasi zote 150 inakaa hivi: zilizolipwa 78, zilizobatilishwa na kuwepo 4, zisizowasilishwa 5, tupu zilizo mkononi 61, zisizojulikana zilipo 2. Vitabu vyote vitatu viko ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika sefu, na funguo mbili ziko kwa watu wawili. Karatasi tupu za vitabu vya pili na vya tatu zisitumike mpaka mtia saini wa pili atakaporejea na kuoneshwa picha ya 000547.

Wako katika kazi,
Mkaguzi wa Ndani

Viambatisho: barua ya benki ya uthibitisho wa vitabu, picha za hundi 000514 na 000547, jedwali la namba 451 hadi 600, nakala ya agizo la kuzuia malipo la 3 Julai.