Majibu ya jeli ya Jumanne: bendi mbili za ziada kwenye njia ya 4

Salma mdogo wangu,

Nimeipima picha yako kwa rula. Uliogopa kwamba bendi mbili za ziada kwenye njia ya 4 zina maana plazimidi yako, lile duara dogo la DNA, imechanganyika na nyingine. Usiitupe; sioni dalili hiyo.

Umbali wote nimeupima kutoka ukingo wa kishimo. Kwenye ngazi, ile njia ya vipande vya ukubwa unaojulikana, kipande cha jozi besi 3000 kiko milimita 24.0, 2000 iko 29.5, 1500 iko 33.5, 400 iko 51.5 na 300 iko 55.5. Umbali hauendi sambamba na ukubwa wenyewe bali na logi yake, ndiyo maana makadirio yako ya macho, "katikati ya 3000 na 2000, basi 2500", yalikupotosha. Bendi yako nzito ya njia ya 4 iko 27.5:

```
log10 = 3.477 - (3.5/5.5) x 0.176 = 3.365
ukubwa = 2317
```

Ile hafifu ya chini, 54.0, inatoa 334. PvuII, kimeng'enya ulichotumia kwenye njia ya 4, hukata plazimidi yako pUC19 mara mbili, vipande vya jozi besi 2364 na 322, kwa hiyo umekosea kwa asilimia 2 na 4 tu. Kwa jeli ya asilimia 1, hiyo ni kazi safi. Isikutie wasiwasi kwamba ile ndogo inafifia: rangi hushika kwa kadiri ya uzito wa DNA, na kipande cha 322 kina asilimia 12 tu ya plazimidi nzima.

Sasa zile mbili za ziada, 25.5 na 30.5. Kwa ngazi zinasomeka 2685 na 1862. Jumlisha bendi zote nne: zinapita 7000, na plazimidi yako ina 2686. Haziwezi kuwa vipande vya mkato mmoja uliokamilika.

Ya 25.5 iko sawa kabisa na njia ya 3, uliyokata kwa EcoRI yenye sehemu moja tu ya kukata. Hizo ni plazimidi zilizokatwa mara moja zikasubiri mkato wa pili. Ya 30.5 inalingana na bendi kuu ya njia ya 2, isiyokatwa. Ni duara lililojisokota, hukimbia kuliko uzi mnyoofu wa urefu uleule, na kwa hiyo hiyo 1862 haina maana yoyote. Tafadhali ifute kwenye daftari; ngazi ni ya DNA nyoofu.

Sababu umeiandika mwenyewe: DNA mikrogramu 2, kimeng'enya uniti 1, dakika 30. Uniti 1 hukata mikrogramu 1 kwa saa nzima, tena kipimo hicho ni cha DNA ya lamda. Plazimidi iliyojisokota mara nyingi hudai zaidi. Ulitoa robo ya kilichohitajika.

Kesho rudia kwa DNA mikrogramu 1, uniti 10, nyuzi 37, saa moja. Kimeng'enya kisizidi sehemu moja ya kumi ya ujazo, gliseroli isije ikakiharibia kazi. Weka tena njia ya 2 na ya 3 kando yake. Bendi ya 25.5 na ya 30.5 zikitoweka pamoja, tumemaliza. Ikibaki ya 25.5 peke yake, niite tuitazame pamoja kabla hujaosha jeli.

Dada yako wa maabara