Madai ya waranti: inveta ya kilowati 5 iliyokufa kabla ya kutimiza miezi 20

Busia, Uganda
24 Novemba 2025

Kwa Msimamizi wa Waranti,
Ofisi ya kiwanda, kanda ya Afrika Mashariki,
Nairobi, Kenya.

Ndugu Msimamizi,

YAH: INVETA YA HAIBRIDI, kW 5, VOLTI 48, NAMBA YA MFULULIZO INAYOISHIA 240117-0638

Salamu kutoka Busia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu dada aliyepokea simu yangu ofisini kwenu tarehe 19 alinisikiliza kwa Kiswahili, akaniambia nilete madai kwa maandishi pamoja na ushahidi. Duka lililoniuzia, lililoko Kampala, limekataa kunihudumia. Kwa kuwa kadi ya waranti imetolewa kwa jina la kiwanda na si la duka, nawaletea nyinyi.

Inveta hii ya umeme wa jua niliinunua tarehe 14 Machi 2024 kwa shilingi 3,250,000 za Uganda. Risiti ni ya EFRIS, mfumo wa risiti za kodi wa Uganda, na namba ya mfululizo iliyoandikwa humo ndiyo ileile iliyo kwenye lebo ya ubavuni (Kiambatisho A). Ilifungwa tarehe 16 Machi 2024 na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, ambaye nakala ya kibali chake nimeiweka pamoja na kadi ya waranti aliyoitia sahihi siku hiyo (Kiambatisho B). Kadi inasema miaka 5. Inveta ilikufa tarehe 9 Novemba 2025, siku ya 603 tangu iwashwe.

Ilivyokufa ni hivi. Ilikuwa Jumapili, saa 12 na dakika 45 asubuhi, jua limeshatoka, hakuna wingu wala mvua. Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa ya chai kwenye gesi. Nikasikia inveta inalia mlio mmoja mrefu, taa zikazima. Kwenye skrini ilisoma F08. Ikajaribu kujiwasha yenyewe, relei zikagonga mara mbili, ikaandika F09 na haikutoka hapo tena. Hakukuwa na moshi wala harufu ya kuungua. Rekodi ya programu yenu ya simu kwa dakika zile ni hii, na faili lote la siku 30 liko kwenye Kiambatisho C:

```
2025-11-09 06:40 PV 287V GRID 236V 50.0Hz BAT 52.4V BUS 431V LOAD 310W OK
2025-11-09 06:45 PV 305V GRID 236V 50.0Hz BAT 52.4V BUS 503V LOAD 305W F08
2025-11-09 06:50 PV 312V GRID 236V 50.0Hz BAT 52.5V BUS 038V LOAD 000W F09
```

Kitabu chenu cha maelekezo, kwenye jedwali la hitilafu, kinasema F08 ni volti ya basi, yaani njia ya umeme iliyo ndani ya inveta, kupanda kupita kiasi, na F09 ni basi hiyo kushindwa kujaa wakati wa kuanza. Safu ya sababu mbele ya F09 inasema kipuri cha ndani kimeharibika, rudisha kituo cha matengenezo. Hayo ni maneno yenu.

Duka linasema ni radi au umeme mkubwa wa gridi, na vyote viwili waranti haivifidii. Hapa naomba mnisome kwa makini, maana ndipo kesi yangu yote ilipo.

Tazameni mstari wa pili wa rekodi. Paneli zilikuwa zinaleta volti 305. Gridi ilikuwa volti 236, na hata ukichukua kilele cha wimbi lake (236 mara 1.414) hupati zaidi ya volti 334. Betri ilikuwa 52.4. Hakuna chanzo hata kimoja cha nje kilichofikia volti 503. Kazi ya kupandisha volti za paneli hadi volti za basi inafanywa na saketi iliyo ndani ya inveta yenyewe, na saketi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kusimama inapofika kikomo. Haikusimama. Kijana wangu anayesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Busitema ndiye aliyenikalisha chini akanichorea jambo hili kwenye karatasi, lakini namba si zake. Zimetoka kwenye mashine yenu.

Najua mtu anaweza kujibu kwamba radi hupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na rekodi ya kila dakika 5 haiwezi kuiona. Ni kweli. Ndiyo maana naomba muangalie pia tarehe 22 Oktoba kwenye faili hilo. Siku hiyo, saa 12 na dakika 50 asubuhi, F08 ilitokea kwa mara ya kwanza, basi ikiwa volti 497 na paneli volti 309. Ilijiwasha ikaendelea, nami nikaipuuza, jambo ambalo sasa najuta. Makosa mawili ya namna moja, saa karibu ileile, paneli zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuamka. Radi haina ratiba kama hiyo. Sisi wa kando ya ziwa Viktoria tunaijua radi, tunaishi nayo, na huwa inakuja mchana wa joto au usiku wa mvua na inaacha alama.

Alama hizo hazipo. Kuna aresta, kifaa cha kukinga radi, upande wa paneli na nyingine upande wa gridi, na madirisha ya zote mbili bado ni ya kijani (Kiambatisho D, picha za tarehe 10 Novemba). Mita ya umeme ya Yaka, friji, televisheni na ruta vyote vimeunganishwa nyumba hiyohiyo na vyote vinafanya kazi. Fundi alipima erthi akapata omu 4.2.

Upande wa paneli nao hauna neno. Ni paneli 8 za wati 450 zilizofungwa mfululizo. Kila moja ina volti 49.5 bila mzigo, jumla 396. Hata asubuhi ya baridi kabisa ya Busia, ukiongeza asilimia 3, hazifiki volti 410, na kikomo chenu ni 500. Betri ni ya lithiamu, volti 51.2, ampea-saa 100, ya aina iliyomo kwenye orodha yenu ya betri zinazokubalika.

Tarehe 10 Novemba fundi aliirudia inveta hatua kwa hatua, nami nikimshikia simu kurekodi (Kiambatisho E, video ya dakika 11). Alizima breka ya paneli, akaiwasha kwa betri na gridi: F09. Akatoa gridi, ikabaki betri peke yake: F09. Akatoa mizigo yote ya nyumba: F09. Kwenye ncha za betri multimita ilisoma volti 52.6, kwa hiyo chakula ilikuwa inakipata, tumbo ndilo lililokataa. Hakufungua kifuniko. Sili zenu zote mbili ziko kama zilivyotoka kiwandani, na video inazionyesha mwanzo na mwisho.

Swali la kwanza la duka lilikuwa mjusi. Nacheka lakini si mzaha, najua mijusi imeua inveta nyingi mjini hapa kwa kujilaza juu ya saketi. Yangu iko ukutani kwenye ukumbi, imeachiwa nafasi ya sentimita 50 juu na chini kama kitabu kinavyotaka, na vumbi la feni nalitoa kila miezi mitatu. Ndani sijaona na sikutaka kuona, maana nikifungua nitaambiwa nimevunja waranti. Mkiifungua nyinyi mkamkuta mjusi, nitumieni picha yake nami nitanyamaza.

Kuna jambo moja nalitaja mwenyewe kabla hamjalikuta. Tarehe 3 Juni 2025 rekodi itaonyesha F07, mzigo kupita kiasi. Mchomeleaji aliyekuwa akitengeneza geti langu alichomeka mashine yake bila kuniuliza, pasi ikiwa imewashwa. Inveta ilijizima kama ilivyotengenezwa kujizima, ikawashwa, ikafanya kazi miezi minne na nusu zaidi bila kosa lolote hadi Oktoba. Ukiacha siku hiyo, mzigo mkubwa kabisa ni wati 2,900. Kwa siku zote 603 imetoa kilowati-saa 6,512, yaani chini kidogo ya 11 kwa siku. Huko si kuitesa mashine ya kilowati 5.

Mwenendo wa duka nimeuweka kwenye Kiambatisho F, ujumbe wa WhatsApp kuanzia tarehe 10 hadi 18 Novemba. Kwa kifupi, walitaka shilingi 150,000 za uchunguzi, na kabla hata hawajaichunguza wakaniambia ni radi, wakajitolea kuniuzia nyingine kwa punguzo. Uamuzi ulitangulia uchunguzi. Sikulipa.

Ninachoomba ni haya. Mniletee inveta mpya ya aina hiyohiyo au inayoizidi, au muitengeneze hii kwa vipuri vya kiwanda, waranti ikiendelea hadi tarehe 16 Machi 2029. Gharama ya kuisafirisha kutoka Busia hadi kituo chenu cha Kampala na kurudi, kilomita 200 hivi kila upande, iwe juu yenu, kama kifungu cha 4 cha kadi kinavyosema kwa hitilafu za kiwanda. Fundi atakayeifungua aandike alichokikuta, pamoja na picha za saketi, nami nipewe nakala hata kama matokeo yatanipinga. Sangara walioharibika kwenye friza siwadai. Kadi yenu haisemi samaki.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, hadi tarehe 8 Desemba 2025. Likikosekana, nitapeleka faili hili lote Shirika la Viwango la Uganda (UNBS), kisha nitamwona wakili kuhusu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayotaka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa kufanya. Ningependa zaidi tulimalize sisi kwa sisi. Majirani watatu walinunua inveta yenu baada ya kuiona yangu, na kila wakipita getini wananiuliza mmesema nini.

Inveta iko ukutani, breka zimezimwa, haijaguswa tangu tarehe 10. Fundi wenu anaweza kuja siku yoyote isipokuwa Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Namba yangu ya simu ni ileile niliyosajilia waranti kwenye programu.

Wenu,

Mama Rehema
(mwenye nyumba, jina langu kamili ni lile lililo kwenye kadi ya waranti)

Viambatisho: A, risiti na picha ya lebo. B, kadi ya waranti na kibali cha fundi. C, rekodi ya siku 30 pamoja na ukurasa wa Juni. D, picha za aresta, erthi na paneli. E, video ya majaribio. F, mawasiliano na duka.

Nakala: fundi aliyefunga mfumo.