YAH: KUPINGA THAMANI YA GARI T 617 DWK LILILOTANGAZWA RAITOFU

Zuhura H. Mkumba
Tabata Segerea
Dar es Salaam
28 Julai 2025

Meneja wa Madai ya Magari,
Makao Makuu ya Kampuni, Posta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA THAMANI YA TSh 15,210,000 KWA TOYOTA PREMIO T 617 DWK, AJALI YA 27 JUNI 2025, BARABARA YA MANDELA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yenu ya 21 Julai 2025 pamoja na ripoti ya mtathmini. Uamuzi kwamba gari ni raitofu siupingi. Ninachopinga ni thamani, na kwa sababu hiyo hati ya kukubali malipo mliyonitumia nairudisha bila sahihi.

Mkataba unasema gari likiharibika kabisa mtalipa thamani yake ya soko mara tu kabla ya ajali, bila kuzidi kiasi kilichokatiwa bima. Kiasi hicho ni TSh 21,500,000, na ndicho mlichokitumia Februari mwaka huu kunitoza ada ya 3.5%, yaani TSh 752,500 kabla ya VAT. Najua kiasi hicho ni kikomo tu, wala sidai nilipwe chote. Nadai bei ya soko.

Mtathmini amechukua magari matatu ya kulinganisha, akapata wastani wa TSh 16,900,000, kisha akakata 10% ya uchakavu. Nimeyapitia moja moja.

La kwanza, TSh 16,500,000, ni Premio ya injini ya 1.5 (NZT260), tena namba C. Langu ni la 1.8 (ZRT260), namba D ya mwishoni, na lilisajiliwa nchini Oktoba 2021. Yeyote anayeuza magari Dar anajua kwamba mnunuzi huuliza namba kabla hajauliza mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu namba ndiyo inayomwonyesha gari limekaa miaka mingapi kwenye barabara zetu. Hayo si magari ya daraja moja.

La pili, TSh 18,900,000, kweli ni la 1.8, lakini tangazo lake ni la Mei 2024, miezi 13 kabla ya ajali. Hata hivyo bei hiyo ya zamani bado imezidi thamani mliyoweka kwa zaidi ya TSh 3,600,000.

La tatu, TSh 15,300,000, ni bei ya mnada wa gari lililokamatwa kwa deni. Kwenye mnada wa namna hiyo mwenye gari hauzi kwa hiari, na mnunuzi haruhusiwi hata kuliendesha gari kulijaribu, kwa hiyo anapunguza bei kufidia asichokijua. Hiyo si bei ya soko kwa maana ya mkataba.

Makato ya 10% ndiyo kosa kubwa zaidi kimantiki. Magari yote matatu ni yaliyotumika, na uchakavu wake umo tayari ndani ya bei zake. Kuukata tena ni kuuhesabu mara mbili. Uchakavu ungekatwa kama mngeanza na bei ya gari jipya.

Ripoti pia imeandika kilomita 148,000. Dashibodi ilisoma 96,400 siku ya ajali, na picha aliyopiga mkaguzi wa magari wa polisi inaonyesha hivyo. Risiti ya sevisi ya 12 Juni 2025 inasoma 95,870. Sijui hizo 148,000 zimetoka wapi. Pengine ni za faili la gari jingine.

Kati ya 23 na 26 Julai nimekusanya bei za Premio za 1.8 zinazouzwa hapa mjini. Zote ni namba D, zote ni za mwaka 2007 hadi 2009 (langu ni la 2008), na kila moja nimeenda kuliona mwenyewe na kuuliza bei ya mwisho, maana bei ya tangazo si bei ya kuuzia:

- Kinondoni, yadi: 2008, DWA, km 101,000. Tangazo 21,800,000, mwisho 20,800,000.
- Mwenge, yadi: 2008, DVQ, km 112,000. Tangazo 20,500,000, mwisho 19,700,000.
- Mikocheni, yadi: 2009, DXC, km 88,000. Tangazo 23,000,000, mwisho 22,000,000.
- Mbezi Beach, mtu binafsi: 2007, DTN, km 119,000. Tangazo 19,800,000, mwisho 19,000,000.
- Tegeta, mtu binafsi: 2008, DWP, km 93,500. Tangazo 21,500,000; mwisho 20,700,000.

Wastani wa bei za mwisho ni TSh 20,440,000. Nimeondoa la juu kabisa, kwa kuwa ni jipya kwa mwaka mmoja, na la chini kabisa, kwa kuwa ni la zamani kwa mwaka mmoja. Matatu yaliyobaki ni ya 2008 kama langu, na wastani wake ni TSh 20,400,000. Hiyo ndiyo thamani ninayodai. Matairi mawili ya mbele niliyofunga Machi sikuyaongezea kitu, maana mnunuzi hayalipii.

Nikitoa 5% ninayobeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba (TSh 1,020,000), malipo halali ni TSh 19,380,000. Mmenipa TSh 14,449,500, yaani TSh 15,210,000 mkishatoa 5% hiyo hiyo. Tofauti ni TSh 4,930,500.

Ili hoja hii isirudi baadaye: thamani ikipanda, gari haliachi kuwa raitofu. Makadirio ya matengenezo ni TSh 11,900,000, ambayo ni takriban 58% ya TSh 20,400,000, na mkataba wetu umeweka mstari kwenye 50%. Mabaki siyataki, yabaki kwenu.

Naomba, kwa maandishi, kabla ya 11 Agosti 2025:

1. Mpitie upya thamani kwa kutumia magari ya injini, mwaka na namba zinazolingana na langu. Mkikataa lolote kati ya yale matano, mtaje lipi na kwa nini.
2. Mnilipe sasa TSh 14,449,500 ambazo hazina ubishi, kama malipo ya sehemu na bila kuathiri dai langu la tofauti. Nitasaini stakabadhi ya kiasi hicho tu, isiyo na maneno “malipo kamili na ya mwisho”.
3. Mthibitishe kwamba gharama ya kuegesha gari gereji ya Chang'ombe, TSh 10,000 kwa siku, iko juu yenu tangu 21 Julai. Gari mmeshasema ni lenu. Liondoeni wakati wowote, ila kadi na fomu ya kuhamisha umiliki nitavikabidhi dai likilipwa lote.

Kama hatutaafikiana juu ya thamani, niko tayari tuteue mtathmini mmoja wa tatu mwenye leseni ya TIRA, tukubaliane naye kwa maandishi na kugawana ada yake nusu kwa nusu. Mkikataa hilo pia, au tarehe hiyo ikipita kimya, nitapeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pamoja na barua hii na viambatisho vyake.

Wenu,

Zuhura H. Mkumba
Mwenye bima

Viambatisho: picha za skrini za matangazo matano zikiwa na tarehe, picha za magari na dashibodi zake, karatasi ya bei za mwisho, zile za yadi zikiwa na mhuri, risiti ya sevisi ya 12 Juni 2025, picha ya mkaguzi wa polisi, nakala ya kadi ya gari, ankara ya ada ya Februari 2025, hati ya kukubali malipo isiyosainiwa.

Nakala: Wakala wa bima aliyenikatia mkataba.