Mi Sita Mfululizo

Salome aliketi sauti ya kwanza bila kuuliza. Enzi za shule ndiyo iliyokuwa nafasi yake, na hakuona kwa nini miaka 63 imhamishe. Wimbo ulikuwa katika ufunguo wa F, na kwenye kiitikio sauti ya kwanza ilipaa hadi mi ya juu. Mara ya kwanza koo lilipasuka. Mara ya pili noti ilitoka, ila ikitetemeka.

Mwalimu wa kwaya hakusema kitu mbele za watu. Alingoja mazoezi yaishe.

"Mama, sauti haijafa, imeshuka tu. Ukiilazimisha juu utaiharibu na ile ya chini. Kipindi kijacho kaa sauti ya pili, kando ya Neema."

Neema alikuwa na miaka 19. "Shikamoo mama." "Marahaba." Kwa mazoezi manne hayo ndiyo yote waliyoambiana.

Kwa asiyesoma nota, sauti ya pili ndiyo ngumu kuliko zote. Ya kwanza imeshika wimbo wenyewe, besi imeshika msingi. Ya pili imebanwa katikati na mara nyingi haina cha kukumbukwa. Neema hakusoma nota. Alirekodi kwa simu akaenda kukariri nyumbani, lakini rekodi ilinasa zaidi sauti ya kwanza, kwa hiyo kila walipofika mstari wa tatu alipanda nao. Salome alisikia, akanyamaza. Hakutaka kuwa mama wa kusahihisha watoto wa watu. Tena alikuwa na lake: ubeti ulikuwa na sentensi ya mapigo 16 bila kituo, na pumzi yake ilikata kwenye pigo la 11. Yaliyobaki alifungua kinywa tu.

Neema ndiye aliyeanza.

"Mama, samahani. Pale mwisho mbona unanyamaza?"

"Pumzi imekwisha, mwanangu. Nawe mstari wa tatu mbona unahamia kwa jirani?"

Binti aliinamisha uso, kisha akacheka. Wakabaki ukumbini wenzao walipoondoka.

Salome aliweka kidole kwenye karatasi. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Nukta moja hukata pigo nusu. Kistari huendeleza noti iliyotangulia, usiipige upya. Mstari wa tatu ulikuwa na mi sita mfululizo, wakati sauti ya kwanza inapanda ngazi.

"Sita zote sawa? Rahisi hivyo?"

"Imba."

Neema aliimba, Salome akabonyeza mi kwenye kinanda baada ya ile ya sita. Neema alikuwa ameshuka, na alijisikia mwenyewe. Noti ikirudiwa, mtu hulegea bila kujua, na kila moja huketi chini kidogo ya mwenzake. Dawa ni kuifikiria kila mi kana kwamba iko juu ya iliyopita, na kuendelea kusukuma pumzi kana kwamba wimbo unapanda. Jaribio la tano lilikaa.

Zamu ya pumzi, mwalimu alikuwa Neema.

"Unavuta kwa mabega, mama. Weka mikono hapa ubavuni. Mbavu zifunguke, mabega yatulie." Wakapima kwa "sss" nyembamba: Salome alifika hesabu ya 12. Baada ya wiki sita alifika 18, na hapo pakagoma. Mazoezi yalikuwa yamesaidia, lakini pumzi ya miaka 19 hayakuirudisha, basi wakagawana. Salome avute baada ya pigo la 7, Neema baada ya la 13, asivute yeyote kwenye mstari wa kugawa vipimo, maana hapo ndipo kila mtu huvuta na shimo husikika. Kutoka ni katikati ya irabu, kurudi ni kwa sauti ndogo kwenye irabu ile ile. Ukirudi na konsonanti, umejitangaza.

Penseli ikaandika S na N juu ya mistari. Mazungumzo nayo yakaanza kuvuka nota: masijala alikofanya kazi Salome, chuo ambacho Neema alikuwa anasitasita kukiomba.

Kisha Salome akashikwa na kikohozi, akakosa mazoezi mawili. Aliporudi, Neema alimpa karatasi. Ulikuwa wimbo mpya, sauti ya pili yote, ameinakili mwenyewe kutoka ubaoni kwa mkono. Hakuuliza mtu.

Salome aliusoma polepole. Kipimo cha nne kilikuwa na nukta moja palipotakiwa mbili, noti mbili zimebanwa kwenye pigo moja. Sentensi ndefu ilikuwa na N baada ya pigo la 13, kama kawaida. S haikuwa kwenye la 7. Ilikuwa kwenye la 5, na nyingine tena kwenye la 10.

"Kwa sababu ya kifua," Neema alisema. "Kikipona tutazirudisha."

Salome alichukua penseli, akaongeza ile nukta. S zote mbili akaziacha zilipo.