Salamu za sikukuu kwa wateja wetu wote, Desemba 2025

Mteja wetu mpendwa,

Mwaka unaelekea ukingoni na pilikapilika ni nyingi. Wengine mnafunga safari, wengine mnapokea wageni, na wengine hizi kwenu ni siku za kazi kama nyingine. Vyovyote ilivyo kwako, pokea salamu zetu na shukrani za dhati kwa kutukabidhi vifurushi vyako mwaka mzima.

Kwenu mnaosherehekea Krismasi tarehe 25 Desemba, tunawatakia sikukuu njema pamoja na wote wa nyumbani. Kwenu mtakaoiadhimisha tarehe 7 Januari kwa kufuata kalenda ya Julias, salamu hizi ni zenu pia, na tutawakumbuka siku yenyewe itakapofika. Wateja wetu Wayahudi, heri ya Hanuka, inayoanza machweo ya Jumapili tarehe 14 na kuendelea kwa siku nane.

Wahindu na Wajaini mlisherehekea Diwali mwezi Oktoba, na Masingasinga mkaadhimisha kuzaliwa kwa Guru Nanak mwezi Novemba. Tunatumaini mlikuwa na furaha tele. Ndugu zetu Waislamu, sikukuu zenu haziangukii Desemba hii, nasi hatutaki kuwapa mkono wa Idi kabla ya wakati wake. Tunawaombea afya na uzima hadi Ramadhani, inayotarajiwa katikati ya Februari kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Safari hii itakaribiana sana na Kwaresima, ambayo kwa Wakristo wengi inaanza Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari. Kwa hiyo wengi wenu mtakuwa katika mfungo kwa pamoja.

Kama hatukuitaja sikukuu yako, usidhani tumeipuuza. Dini na madhehebu ya wateja wetu ni mengi kuliko nafasi ya barua moja. Nawe usiyefuata dini yoyote, tunakutakia mapumziko mema na watu uwapendao. Wapo pia waliofiwa mwaka huu, ambao shamrashamra za watu wengine huwaongezea uchungu. Kwenu tunasema poleni sana, na hatuwadai furaha.

Heshima kwa imani ya mtu haiishii kwenye kadi, nasi tungependa muione katika kazi yetu. Mwezi huu kila kifurushi kinafungwa utepe wa kijani na kuwekewa kikadi chenye neno moja tu: Asante. Ukiwa unamtumia mtu zawadi ya sikukuu fulani, mwambie karani anayekupokea, naye atakuandikia kwa mkono salamu unazotaka wewe, bila malipo ya ziada. Hatutakisia dini ya mtu kwa kutazama jina lililoandikwa juu ya bahasha.

Mnaoshika Sabato, tuambieni tusiwaletee mzigo kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na hatutabisha hodi. Ramadhani itakapoanza, hakuna atakayefika mlangoni kwa mteja aliyefunga saa ya kufuturu. Mzigo utaletwa mapema alasiri, au baada ya Tarawehe kwa atakayependa hivyo. Kwa Wakristo wanaosali Ijumaa Kuu tutafanya vivyo hivyo. Inatosha kutuambia mara moja. Tutaiweka kwenye kumbukumbu zako na hutalazimika kueleza sababu.

Ofisi zitafungwa tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari. Tarehe 24 tutapokea mizigo hadi saa sita mchana. Unachotaka kimfikie mtu kabla ya Krismasi, tuletee ifikapo jioni ya tarehe 19. Tarehe 26 tutafanya kazi na timu ndogo ya wenzetu wasiosherehekea Krismasi, waliojitolea wenyewe ili wengine wapumzike. Nao zamu zao zitashikwa siku za sikukuu zao, kwa hiyo msishangae mkikuta sura tofauti dirishani Idi ikifika.

Jambo la mwisho linahusu salamu zenyewe. Tungependa kukutumia heri siku inayokuhusu wewe, badala ya kumtumia kila mtu ujumbe ule ule. Jibu ujumbe huu kwa kutaja sikukuu unazopenda tukutakie heri, hata kama ni za dini mbili, kwa sababu nyumba nyingi zina imani zaidi ya moja. Usipopenda salamu za aina hii kabisa, jibu HAPANA, nasi tutakuandikia mambo ya vifurushi vyako tu. Usipojibu, utapata salamu moja ya mwisho wa mwaka kama hii. Taarifa hiyo haitatumika kukutangazia bidhaa wala hatutampa mtu mwingine yeyote.

Tunawatakia nyote mwaka 2026 wenye amani na riziki.

Wenu katika huduma,
Sisi tunaopokea, kupanga na kufikisha vifurushi vyenu