Chumba cha Kona

Chumba cha kona kilihitaji mawe ya kina cha sentimita 45 chini ya sakafu. Hamadi hesabu yake aliijua: tabaka tatu za sentimita 15, kila moja imwagiwe maji, ishindiliwe, ndipo ifuate nyingine. Lakini mashine ya zege ilikuwa imekodiwa kwa kesho yake, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Akaamuru mawe yote yamwagwe kwa mkupuo mmoja. Kompakta ikapita juu mara mbili, changarawe laini ikatandazwa kuziba mianya, na uso ukalala kama mkeka.

Mzee Shomari, saidia fundi anayelingana na baba yake, alikanyaga kwa kisigino karibu na ukuta.

"Fundi, hapa chini mawe bado yanacheza."

"Zege litabeba, mzee wangu."

Mzee hakubishana. Mwenye kauli ni aliyeshika pima maji.

Jamvi la zege la sentimita 10 likamwagwa. Likanyweshwa maji siku saba mfululizo. Hilo, kusema kweli, Hamadi hakulifanyia uvivu hata kidogo. Niru ikang'aa hadi mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha kutwa kucha. Asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, hebu njoo uone kitu."

Ufa ulianzia mlangoni ukakata kwenda ukutani, ukiitenga kona. Hamadi akachuchumaa. Niru tu hiyo, imekauka vibaya, alijiambia, huku akipitisha ukucha juu yake. Ukucha ukakwama. Upande wa kona ulikuwa umeshuka.

Mjukuu wa Mwalimu, aliyekuwa akicheza hapo, akaachia gololi. Ikavuka ufa kwa mlio mdogo, ikajiendea yenyewe, ikapotelea kwenye mwanya kati ya sakafu na ukuta.

Hamadi akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Katikati ya chumba: ko, ko. Kwenye kona: buu, kama ngoma.

"Si utaziba tu kwa saruji, baba?" Mwalimu aliuliza.

Mlango wa kutokea huo, umefunguliwa na mwenye mali mwenyewe. Hamadi alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala kifudifudi akichokonoa mwanya kwa kijiti.

"Hapana, Mwalimu. Chini pana uwazi. Nabomoa kona yote, kwa gharama yangu."

Walipopasua, mkono wake uliingia chini ya zege hadi kwenye kifundo. Mawe yalikuwa yamekaa kama yalivyomwagwa, yameegemeana. Gololi ilikuwa katikati yao. Akaifuta kwenye suruali, akaiweka dirishani.

Wakayatoa yote. Wakarudisha tabaka la kwanza, wakalimwagia maji, na Hamadi akashika shindilio la mkono mwenyewe. Alitwanga mpaka fulana ikaganda mgongoni, akasimama kuvuta pumzi.

Mzee Shomari akaingia shimoni, akakanyaga kwa kisigino, akasikiliza.

"Bado," akasema.