Ombi la Fedha na Muda wa Kuboresha Kompyuta za Maabara

Maabara ya Kompyuta
10 Novemba 2025

Mkuu wa Shule,

YAH: OMBI LA FEDHA ZA VIPURI NA SIKU NNE ZA KUFUNGA MAABARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Maabara ina kompyuta 30, na zinazofanya kazi ni 26. Kumi na mbili zina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha 8 na ram ya GB 8. Kumi na nne ni za kizazi cha 4 zenye GB 4. Nne zilizobaki, nazo za kizazi cha 4, haziwaki: mbili zimeungua pawa saplai, mbili mazabodi.

Zote 26 bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa kulipia masasisho hayo mwaka hadi mwaka, lakini siupendekezi: unaziba mianya ya usalama tu, hauongezi kasi, na mwakani tutadaiwa tena.

Kasi ndiyo inayotula vipindi. Kompyuta ya kizazi cha 4 huchukua dakika saba kuwa tayari, katika kipindi cha dakika 40. Tatizo kubwa si prosesa bali diski ya kuzunguka, ambayo Windows huichosha kwa kusoma mafaili madogo mengi kwa wakati mmoja. Ukiweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kompyuta ileile huwaka ndani ya dakika moja. Kwa hiyo siombi kompyuta mpya.

Zile 12 zitahamia Windows 11. Programu ya ukaguzi ilizikataa tano kwa kukosa TPM 2.0, kinga ya usalama ambayo Windows 11 huidai, lakini kinga hiyo haikukosekana. Ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, na ikiwashwa (huitwa Intel PTT) zinakubalika. Leseni hazinunuliwi upya, kwa kuwa uhalali wa Windows umefungwa kwenye mazabodi, si kwenye diski.

Za kizazi cha 4 haziingii Windows 11 kihalali, maana prosesa zake hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Zipo njia za kuilazimisha, ila masasisho yake hayana uhakika. Hizo nitaziwekea Linux Mint 22, inayopata masasisho hadi 2029, pamoja na LibreOffice na Python. Kasoro yake niiseme mapema: faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kupangika tofauti likifunguliwa kwa LibreOffice. Mazoezi ya Microsoft Office yatafanyikia zile 12 kwa zamu.

Vipuri vinavyohitajika:

- SSD za SATA za inchi 2.5, GB 256: 30 (28 za kufunga, 2 za akiba)
- Ram ya DDR3 ya GB 4, ya kompyuta za mezani: 15. Zinahitajika 16, mbili nitazitoa kwenye zilizoungua mazabodi, na moja ni ya akiba
- Pawa saplai: 2
- Betri za CR2032: 20
- Pesti ya kupoza prosesa: mirija 3
- Flashi za USB 3.0 za GB 64: 3

Namwomba mnunuzi asikubali DDR4 wala ram ya laptopu hata akiambiwa "ni ileile". Haziingii kwenye nafasi zake. Betri ni kitu kidogo, lakini ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka na tovuti hukataa kufunguka, kisha lawama zote huangukia intaneti.

Nukuu za wauzaji watatu nimeziambatisha. Napendekeza ya pili: si ya chini kabisa, lakini ndiyo pekee yenye dhamana ya miaka mitatu kwa SSD.

Kuhusu muda, naomba siku nne mfululizo za wiki ya kwanza ya likizo, maabara ifungwe na fundi umeme awepo siku ya kwanza kukagua soketi za safu ya nyuma. Siku hiyo nitahamisha kazi za wanafunzi na kupuliza vumbi. Ya pili ni ya kufunga vipuri na kuandaa kompyuta mbili za mfano, moja kwa kila mfumo. Ya Windows lazima ipitie amri hii kabla ya kunakiliwa, la sivyo zote 12 zitabeba utambulisho mmoja:

```
C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown
```

Siku ya tatu ni ya kunakili kwa programu ya Clonezilla, kompyuta tatu kwa mkupuo, takriban dakika 25 kila mkupuo. Ya nne ni ya majaribio na printa. Diski za zamani zitabaki kabatini muhula mzima, endapo kazi ya mwanafunzi itakuwa imesahaulika.

Fedha zisipotosha kwa mara moja, naomba SSD 28 na betri zitangulie. Ram na pawa saplai zinaweza kusubiri muhula ujao. Naomba jibu kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu nukuu ya pili inaisha muda tarehe 28.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Somo la Kompyuta

Nakala: Mhasibu wa Shule, Mwalimu wa Taaluma